Tupeane uzoefu: uliyaandaaje mahubiri yako ya kwanza ya dakika kumi?

Mzee wa kanisa, Kongwa

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji wetu ana mitaa mingi, na Jumapili ambayo hayupo ibada huachiwa sisi wazee wa kanisa. Mafunzo niliyopata ni semina ya siku mbili tu, na sehemu kubwa ilihusu utaratibu wa ibada na hesabu za sadaka. Nitaeleza nilivyoandaa mahubiri yangu ya kwanza, kisha nanyi mniambie ninyi mlifanyaje.

Somo nililopewa lilikuwa Marko 4:26-29, mfano wa mtu aliyemwaga mbegu, akawa akilala na kuamka, mbegu ikakua asivyojua yeye. Ni aya nne tu, nami nilifurahi nikidhani ni mfano wa mpanzi ninaoufahamu tangu utotoni. Kwa siku mbili nikaandika habari za njiani, penye miamba na penye miiba, hadi mke wangu aliponiomba nimsomee somo lenyewe kwa sauti, akauliza, "Mbona hapo hakuna miiba?" Mfano wa udongo wa aina nne uko mwanzoni mwa sura hiyohiyo, na mimi nilikuwa nahubiri kumbukumbu yangu badala ya somo. Nikachana kurasa tatu za daftari.

Nikaanza upya kwa kuandika nani anafanya nini. Mtu anamwaga mbegu, analala, anaamka, hajui, na mwishoni anapeleka mundu. Mbegu inamea na kukua. Nchi inazaa yenyewe. Nilipoyatazama maneno hayo niliona kwamba katikati ya mfano mtu hana kazi yoyote iliyotajwa, na kwamba kutojua kwake kumesemwa waziwazi. Hapo nikapata sentensi yangu moja: Mungu analikuza neno lake hata mahali ambapo aliyelipanda haoni wala hajui namna linavyokua.

Mwalimu wa shule ya Jumapili, Chamwino

Umefanya vema, kaka, lakini mimi nilifundishwa kwamba mahubiri lazima yawe na vichwa vitatu, na kila kichwa kithibitishwe kwa aya zisizopungua mbili za mahali pengine, ili watu wajue hujasema ya kwako. Mahubiri yangu ya kwanza yalikuwa na aya kumi na moja, na waumini walizifungua zote.

Mwinjilisti mstaafu, Mpwapwa

Mwalimu, kuthibitisha kwa Maandiko ni jambo jema, na vichwa vitatu vinafaa pale ambapo somo lenyewe lina hatua tatu. Hata hivyo, jaribu kupima muda. Mtu wa kawaida akiambiwa afungue Wakorintho wa Kwanza, na jirani yake akamsaidia kuutafuta ukurasa, imekwisha dakika nzima kabla hujasema neno. Aya kumi na moja zinameza dakika zako kumi, na zile nne ulizopewa hazijaguswa.

Kuna jambo jingine ambalo mwanzaji halitambui kwa urahisi. Mfano huu umo katika Marko peke yake, wala hamna ndugu yake katika Mathayo au Luka, kwa hiyo anayetafuta aya za kuusaidia huishia kuuazima mfano wa mpanzi, kama alivyofanya mzee wa Kongwa. Ningechukua aya moja tu, 1 Wakorintho 3:6, ambamo Paulo anasema yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Nisingewafungulisha, ningeisema kwa kichwa, kisha ningerudi kwenye shamba la Marko.

Mzee, tueleze namna ulivyoipeleka sentensi yako hadi kwa wasikilizaji, kwa maana wengi hukwama hapo.

Mzee wa kanisa, Kongwa

Shikamoo, Mwinjilisti. Nilikwama kwelikweli. Nilikuwa nimeandika, "Mkulima hulala, Mungu hufanya kazi." Jirani yangu nilipomwambia alicheka akasema, "Uwele ukitoa masuke, nani wa kwetu analala? Alfajiri tuko shambani kuamia ndege." Nikaona kwamba nikisema vile, mama aliyeshinda juani akiwafukuza kweleakwelea ataacha kunisikiliza papo hapo, na yule mvivu atashika sentensi hiyohiyo aende nayo nyumbani.

Kwa hiyo nililiweka pingamizi hilo mwanzoni mwa mahubiri, kabla hawajaliwaza wao. Nilianza hivi: "Sisi tunaamia ndege, tunapalilia, na wengine tumepanda katika vumbi kabla ya mvua. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kulivuta jani litoke ardhini?" Kisha nikasoma tena aya ya 27 na ya 28 polepole. Baada ya hapo nilieleza jambo moja la maisha, la mzazi ambaye amemfundisha mwanawe kusali, na sasa mwana yuko mjini Dodoma na hapigi simu. Sikuahidi kwamba mwana huyo atarudi, kwa sababu somo halikusema hivyo. Nilisema tu kwamba kutoona kwa mzazi si ushahidi kwamba hakuna kinachomea.

Nilipofanya mazoezi nyumbani yalichukua dakika kumi na tisa. Nikaondoa kisa cha kuokoka kwangu na maelezo marefu ya Ufalme wa Mungu, yakabaki tisa.

Mama wa kikundi cha wanawake, Bahi

Kuhusu kutetemeka, mimi nilipoombwa kusema neno msibani nilishika maji ya kunywa mkononi, nikasaidika sana. Halafu kwetu tunalima mpunga, hatungeelewa uwele.

Mwinjilisti mstaafu, Mpwapwa

Mama, hilo la msibani lina uzito wake, ila hapa swali ni la maandalizi. Lakini umegusa jambo: Biblia imetaja ngano, na Kongwa wakasema uwele. Bahi mseme mpunga, mradi jani litangulie na suke lifuate, kwa sababu hatua hizo zimo katika aya ya 28.

Kijana wa kwaya, Chamwino

Naomba kuuliza. Mtaani kwetu wazee wanatafsiriwa kwa Kigogo sentensi baada ya sentensi. Dakika tisa za mzee zingekuwa ngapi?

Mzee wa kanisa, Kongwa

Ndilo lililonipata, kijana wangu. Sikuambiwa mapema kwamba kutakuwa na mkalimani, na zile dakika tisa zikakaribia kumi na nane. Mbaya zaidi, sentensi zangu ndefu zilimshinda, akawa anazifupisha, na ile ya mzazi ilitoka kana kwamba nimesema mwana amekwisha kurudi. Niliona bibi mmoja akifuta machozi kwa furaha, nami sikujua namna ya kusahihisha. Sasa naandika maneno ya dakika tano tu, kila sentensi nipumue mara moja, na jioni ya Jumamosi nampa mkalimani karatasi.

Mwalimu wa shule ya Jumapili, Chamwino

Nimekubali kuhusu aya kumi na moja. Lakini, mzee, aya ya 29 umeiacha wapi? Mundu na mavuno ni lugha ya hukumu, angalia Yoeli sura ya 3. Umewafariji watu na kuikwepa nusu ya mwisho.

Mzee wa kanisa, Kongwa

Niliisoma, sikuieleza. Niliona kwamba nikiingia kwenye hukumu nitakuwa na mahubiri mawili ndani ya dakika tisa.

Mwinjilisti mstaafu, Mpwapwa

Mimi ningeipa sentensi moja ya mwisho, na ningeisema kama mavuno kuliko hukumu, kwa sababu mtu wa mfano huu anapeleka mundu kwa kuwa matunda yameiva. Walakini Mwalimu ana hoja: aliyeizoea Yoeli hawezi kuusikia mundu huo bila kushtuka kidogo. Mchungaji wetu na mimi tumebishana juu ya aya hiyo zaidi ya mara moja, na kila mmoja amebaki alipokuwa.