Mrejesho: plagi nyeusi ya pikipiki Mbeya

Swali lilikuwa: "Pikipiki ya cc 125 ya kabureta imetoka Dar, huku Mbeya haina nguvu mlimani na plagi ni nyeusi. Ringi zimekwisha au petroli inazidi?"

Wakuu, asanteni. Ni petroli, ringi ni nzima. Kilichoamua ni kidole: weusi ulikuwa mkavu kama masizi ya chungu, ukifutwa unatoka. Ingekuwa oili inapanda kupitia ringi au sili za vavu, plagi ingetoka na utando mweusi wenye unyevu na mng'ao, na ekzosi ingetoa moshi wa bluu.

Ea klina ilikuwa safi na choki inafunguka yote, kwa hiyo lililobaki ni mwinuko. Mbeya iko mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, lakini jeti ya pwani inaendelea kumwaga petroli ileile. Jeti kuu namba 100 ikatolewa, ikawekwa 95 pamoja na plagi mpya. Kusoma plagi: panda mlima kwa kasi, bana klachi, zima injini papo hapo, kisha fungua. Ukirudi nyumbani polepole unasoma masizi ya mwendo mdogo tu. Sasa kigae cheupe cha ncha ya plagi kina rangi ya kahawia hafifu.

Anayeshuka Kyela, karibu mita 500, arudishe 100. Kwa 95 kule petroli itapungua na injini itachemka: kigae kinakuwa cheupe, chenye malengelenge au vitone vya chuma. Hiyo inatoboa pistoni.