Feni ya kuchaji au dirisha wazi usiku? Naomba ushauri kabla sijanunua (Dodoma)

zabibu_nkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Joto hili la Novemba chumba hakilaliki, na umeme ukikatika saa tatu usiku hujui utarudi saa ngapi. Nataka kununua feni ya kuchaji ya inchi 16. Mama watoto anasema tufungue dirisha, inatosha. Kipi bora?

fundi_makulu: Mkuu, hujasema kitu bado. Madirisha mangapi, yanatazama wapi, na juu kuna dari au mabati matupu?

mama_ilazo: Dirisha wazi usiku ni kuwaita wezi. Wanapitisha mti wenye ndoano kwenye grili, wanavua simu na suruali. Nunua feni, funga dirisha, lala.

fundi_makulu: Ya wezi ni kweli, mama. Ila feni haipozi hewa, inasaidia jasho likauke mwilini tu. Ukuta uliochomwa na jua mchana kutwa unatoa joto mpaka usiku mwingi, na ukifunga dirisha feni inazungusha joto hilohilo. Hapa Dodoma nje hupoa mapema kuliko ndani, kwa hiyo iingize hewa ya nje.

zabibu_nkuhungu: Chumba kina dirisha moja la aluminiamu la kusukuma, magharibi. Sebule ina dirisha mashariki. Dari ipo. Tunalala na mtoto wa mwaka mmoja, chini ya chandarua.

fundi_makulu: Sasa tunaelewana. Upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki, basi usishindane nao. Jua likishazama na nje kukawa na ubaridi kuliko ndani, fungua dirisha la sebule, acha mlango wa chumba wazi, kisha weka feni chumbani ikitazama NJE, nusu mita hivi kutoka dirishani. Inatoa joto, na hewa ya nje inaingia kupitia sebuleni. Kupima, shika kipande cha karatasi laini kwenye dirisha la sebule: kikivutwa ndani, mpango umekubali. Kikining'inia tu, angalia wavu. Vumbi la huku huziba vitundu vyake, uoshe. Mkienda kulala geuza feni iwaelekee, ikae nje ya chandarua, mbali na mkono wa mtoto, na waya upite nyuma ya kabati.

jirani_kisasa: Hapo kwenye kutazama nje niongeze, maana nimeona familia ikinusurika. Umeme ulikatika, wakawasha jenereta kwenye kibaraza cha nyuma, chini ya dirisha la watoto. Feni ilikuwa jikoni ikisukuma hewa nje, kama fundi anavyoeleza. Feni ikitoa hewa upande mmoja, kila tundu lingine la nyumba linageuka kuwa mdomo wa kuvutia, na dirisha la watoto likavuta moshi wa jenereta. Gesi ya sumu iliyomo, kaboni monoksaidi, haina harufu. Watoto wakaamka na kichwa kinauma, wanatapika, wazazi wakasema malaria. Kilichowashtua ni kwamba walikuwa wote wawili kwa pamoja, bila homa, na walipotolewa nje wakaanza kupata nafuu. Hospitali waliwekewa oksijeni. Jenereta ikae mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, na bomba la moshi litazame mbali na nyumba. Jiko la mkaa nalo lisiachwe koridoni.

mama_ilazo: Mungu wangu. Jenereta yetu iko mita mbili tu. Kesho inahama.

kijana_nzuguni: Wakuu, pangaboi langu linaunguruma halizunguki, nalisukuma kwa fimbo ndiyo linaanza. Ninunue jipya?

fundi_makulu: Hapana, mara nyingi ni kapasita imechoka. Ila acha kuliwasha hivyo: likikwama na umeme unaingia, koili inaungua. Zabibu, umeme ukikatika zima swichi ya feni ya umeme, usiiache imewashwa mmelala.

zabibu_nkuhungu: Na hiyo ya kuchaji itafika asubuhi?

fundi_makulu: Soma betri. Ya volti 12, ampea-saa 7, ni wati-saa 84. Kama ni ya risasi tumia nusu, usiimalize, itakufa mapema. Feni ya wati 15 itakupa saa tatu kasoro, kwa spidi ndogo itafika zaidi kidogo. Muuzaji akisema saa 12, muulize kwa spidi ipi.

kijana_nzuguni: Tundika shuka bichi mbele ya feni, unapata kiyoyozi cha bure.

jirani_kisasa: Sasa hivi hewa ni kavu, inafanya kazi, ila dirisha liwe wazi unyevu utoke. Mvua za Januari zikishika utalala kwenye mvuke. Na maji yasidondokee feni wala ekstensheni.

mama_ilazo: Bado hamjanijibu la wezi. Dirisha la sebule usiku kucha?

fundi_makulu: Kwenye grili ongeza wavu wa chuma wenye vitundu vidogo, mti haupiti.

jirani_kisasa: Wavu huo unapunguza upepo, fundi, na wanaukata kwa koleo. Mimi ningefungua mpaka saa tano nyumba ipoe, kisha nifunge sebule.

fundi_makulu: Ukifunga sebule na chumba kina dirisha moja, hewa itapita wapi?

zabibu_nkuhungu: Nikiacha wazi kile kidirisha cha juu cha bafuni je? Nacho kiko mashariki.