Avata aseme mwenyewe kuwa si mtu, au lebo inatosha?

Rukia: Kikundi chetu kinatengeneza video ya dakika moja: namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mtangazaji ni avata, na anasoma mbio mno. Je, ni lazima aseme si mtu, au maelezo chini ya video yanatosha?

Baraka: Weka tiki kwenye kile kisanduku cha YouTube cha maudhui ya kutengenezwa, umemaliza. Mbio? Punguza kasi ya sauti.

Mwanaidi: Tiki ni lazima, Baraka, ila lebo hiyo inabaki YouTube. Video kama hii hupakuliwa na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko unafika uso na sauti tu. Mimi huandika "Mtangazaji huyu ametengenezwa kwa akili unde" juu ya picha yenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, na avata anaitamka sentensi hiyo kwanza. Wapo wanaosikiliza huku wanapika.

Ukipunguza kasi, maneno yote yanavutika lakini nafasi ya kupumua haiongezeki. Rekebisha skripti. Maneno 150 kwa dakika ni kipimo cha Kiingereza. Neno letu kama "utakapomchanganyia" ni refu, basi anza na 100. Kila kipimo kipe sentensi yake:

```
Chukua maji safi lita moja. <break time="1s"/>
Weka vijiko sita vya chai vya sukari. <break time="1s"/>
Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi.
```

Kifaa chako kisipokubali alama hiyo ya kutua, kata kila sentensi iwe onyesho lake. Na namba ziandike kwa maneno. Niliwahi kuandika 1/2, sauti ikasoma "moja mbili". Fikiria mama anayesikia hivyo akiwa ameshika chumvi! Ikizidi inamdhuru mtoto. Ongeza kuwa vijiko visawazishwe, kisha mpe mtu kijiko na sukari afuate video bila kuirudisha nyuma. Akiachwa, bado unakimbia.

Salim: Avata wangu nilimvalisha koti jeupe. Shangazi akaniomba namba ya simu ya yule nesi. Maandishi yalikuwepo, hakuyaona.

Mwanaidi: Koti livuliwe, Salim. Linasema uongo kabla avata hajafungua mdomo.

Baraka: Lakini akianza na "mimi si mtu", nani ataamini vipimo vyake? Mtatia watu shaka juu ya dawa iliyo sahihi.

Mwanaidi: Hofu hiyo ninayo pia. Ndiyo maana sentensi ya pili hutaja nani amekagua maelezo, mtu anayeweza kuulizwa. Bado kuna watakaoondoka, sikatai.

Rukia: Na kama uso na sauti ni vya muuguzi wetu mwenyewe, aliyekubali?

Mwanaidi: Hata hivyo lebo ibaki, hajayatamka maneno hayo. Skripti ameisoma?

Rukia: Ya kwanza aliisoma. Hii tuliyoifupisha bado.