Tupeane uzoefu: uliandika nini chini ya picha ya mahafali?

Chausiku: Habari zenu wapendwa. Mahafali yangu ni Jumamosi. Nimeandika mara mbili nikafuta. Ya kwanza ilianza "Napenda kutoa shukrani zangu za dhati", nikaona nimenakili ukurasa wa shukrani wa ripoti yangu ya utafiti. Ya pili: "Haikuwa rahisi ila nimetoboa." Mdogo wangu anarudia mtihani wa kidato cha nne, ataisoma. Nyie mliandikaje?

Mjomba wa Ubungo: Andika "Asante familia yangu", basi. Ukianza kutaja watu utamsahau mmoja. Mimi nilimsahau shangazi, hadi leo ananikumbusha kila msiba na kila harusi.

Mama Zawadi: Mjomba, kusahau ni kweli kunauma, lakini "asante familia" haimgusi hata mmoja. Mimi nilichagua mtu mmoja na tendo moja: "Mama, lile sanduku la bati ulilobeba kichwani hadi stendi nikienda kidato cha tano, leo nimelirudisha." Nilianza na mama makusudi, maana Instagram inaonyesha mistari ya mwanzo tu, mengine mpaka mtu abonyeze. Shangazi na wajomba niliwatumia ujumbe mmoja mmoja, na picha yake.

Fundi Rehani: Joho likiwa refu libane na pini kwa ndani. Na pigeni picha asubuhi, jua la utosini kofia inatia kivuli machoni.

Kaka Tosha: Mimi niliandika "Mama aliuza vitumbua nikasoma." Ni kweli tupu, ila baba alikaa kimya siku mbili. Ada ya mwaka wa mwisho aliuza ng'ombe wake. Mama naye hakupenda shida zetu zisomwe na watu wa kazini kwangu. Nikabadilisha. Siku hizi namsomea mhusika kwenye simu kabla sijaposti.

Neema wa Pili: Na shahada yenyewe? Mimi naona itajwe, wazazi wanataka majirani wajue mtoto kasomea nini.

Mama Zawadi: Waandike wenyewe kwenye stetasi zao. Wakikusifu wao inapendeza zaidi.

Neema wa Pili: Baba yangu hana simu janja, dada.

Chausiku: Nimejaribu hivi: "Bibi, miaka mitatu kila Jumapili uliniuliza kwenye simu, 'Umekula?' Leo nimehitimu, na nimekula pilau yako. Kaka, zile nauli za usiku nazikumbuka zote."

Mama Zawadi: Toa "nimehitimu", joho linaonekana. "Leo nimekula pilau yako" inatosha kabisa. Ya kaka usiiguse.

Chausiku: Nimetoa. Nimemsomea bibi, kacheka, halafu kasema nimtaje na jirani aliyekuwa anamkopesha vocha ya kunipigia.