Naomba ushauri: barua ya bima kukataa madai, tarehe zinapingana

Habari wana jamvi. Nipo Moshi, nina Noah yenye bima kubwa. Iligongwa ubavuni pale Kiboriloni tarehe 9 Machi. Kampuni imekataa kulipa, na kabla sijajibu naomba macho yenu.

Aya ya kwanza inasema nilitoa taarifa tarehe 29 Machi, hivyo nimechelewa. Aya ya tatu inasema mkaguzi wao aliikagua gari tarehe 14 Machi. Sasa alijuaje pa kuja? Nakala yangu ya fomu ya madai ina muhuri wao wa tarehe 11.

Halafu wameandika tu "kwa mujibu wa masharti ya mkataba", bila namba ya kifungu. Kwenye mkataba wangu naona "taarifa itolewe mapema iwezekanavyo", siku hazikutajwa. Mwisho wanasema uamuzi "hauna rufaa", wakati Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo!

Nawaza kuambatisha nakala yenye muhuri na kudai kifungu kwa maandishi. Je, nigusie sasa hivi hayo maneno ya rufaa, au nisubiri wajibu kwanza? Aliyewahi kuandikiana nao anisaidie.