Tupeane uzoefu: tekscha zinazotembea, mshono umewatesa wapi?

FundiMkanda: Naanza mimi. Mkanda wa kubebea mizigo: juu mita 6, chini mita 6, rola mbili za nusu kipenyo 0.2. Mzunguko mzima mita 13.26. Tekscha yangu ilifunika mita 1, kwa hiyo marudio 13.26, na pale mkanda unapojiunga milia ikakatika. Nimeweka 13 kamili, kila kipande kikawa mita 1.02, hakuna jicho linaloona. Ila kasi nayo ilibidi ibadilike: mkanda unakwenda mita 0.5 kwa sekunde, gawanya kwa 1.02, yaani marudio 0.49 kwa sekunde, la sivyo maboksi yanateleza juu ya milia. Kwenye rola UV nimezipanga kwa urefu wa tao. Kabla ya hapo zilivutika kama ulimbo.

Kidogodogo: Mbona rahisi, weka `fract` kwenye UV ndani ya sheda ya piksel, namba hazikui, kwisha.

MzeeSheda: Nusu yake kweli. Namba zisikue, sawa, ila si hapo. Ukiweka `fract` kwa kila piksel, jirani wawili wanasoma 0.99 na 0.00. Kadi ya picha inadhani tekscha imebanwa mno, inachukua nakala ndogo kabisa, unapata uzi mwembamba wa rangi iliyofifia unaosafiri na mkanda. Zima mipmap; uzi ukitoweka, ndio ugonjwa wenyewe. Kata namba kwenye programu, mara moja kwa fremu:

```
sogeo = (sogeo + kasi * dt) % 1.0
```

UV ziachwe zivuke 1, tekscha iwe kwenye `GL_REPEAT`.

Bwawani: Kumbe! Maji yangu kwenye simu yalianza kuruka baada ya dakika mbili hivi, kwenye kompyuta safi. Nilizidisha muda kwa 0.5 ndani ya sheda, `mediump`. Nikalaumu betri.

MzeeSheda: Betri haina kosa. Kwenye simu zinazotumia biti 16 kwa `mediump`, namba ikifika 64 hatua ni 1/16. Kwa tekscha ya piksel 512 hiyo ni kuruka piksel 32 kwa mpigo.

Volkano_7: Mimi mshono sina, lava yangu inashtuka kila baada ya muda. Tabaka mbili, ya pili nazidisha UV zote kwa 2.5. Picha niichore upya?

FundiMkanda: Picha iache. Sogeo likirudi 0 kutoka 1, tabaka la pili linaruka 2.5, na ile nusu ndiyo unayoiona. Zidisha UV kwanza, kisha ongeza sogeo la tabaka hilo pekee.

Volkano_7: Imetulia. Ila kwenye kona ya mto wa lava bado inavutika upande wa nje.

MzeeSheda: Hapo hata mimi nabahatisha. Nimewahi kuchanganya sampuli mbili zinazopishana nusu mzunguko, kila moja ikielekezwa na ramani ya mkondo. Kuvutika kulipungua, lakini lava ikaonekana kama inapumua. Aliyeiponya hiyo atuambie.