Simu ilipokelewa na mtoto, mfumo ukanyamaza, na barua ya onyo nimeandikiwa mimi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nafanya kazi katika ghala la baridi la samaki hapa Unguja, na wiki iliyopita nilikuwa mtu wa pili katika zamu ya usiku. Kukitokea hitilafu, mfumo wa tahadhari humpigia simu mtu wa kwanza, na kanuni yetu inasema kwamba asipothibitisha tahadhari ndani ya dakika 15, simu inakuja kwangu. Saa 8:10 usiku kompresa ilizimika. Simu yangu ilikuwa kando ya mto, sauti nimeifungua yote, na haikulia hata mara moja. Nilipofika alfajiri, chumba kinachotakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri kilikuwa nyuzi 5 chini, na pweza waliopangwa karibu na mlango walikuwa wamelainika hata kidole kinazama.

Kumbukumbu ya mfumo inaonyesha "8:11, imethibitishwa". Mwenzangu alikuwa usingizini. Aliyeinua simu ni mwanawe wa miaka minne, na mfumo ukahesabu kule kuinuliwa tu kuwa ni uthibitisho, ukasimamisha hesabu ya zile dakika 15. Leo nimepewa barua ya onyo kwa "kutoitika". Nitaitikaje simu ambayo haikupigwa?

Fundi wa Mwanakwerekwe: Punguzeni muda uwe dakika moja, tatizo litakwisha.

Bi Mitambo: Dakika 15 kwa chumba cha baridi ni nyingi kweli, lakini hata ingekuwa moja mtoto angeshapokea. Simu yenyewe huita karibu nusu dakika, kwa hiyo kwa dakika moja mtaamshwa wawili kila usiku. La kurekebisha ni uthibitisho: anayepokea abonyeze tarakimu anayoambiwa, na asipobonyeza ihesabiwe kuwa hakupokea. Kisha uthibitisho nao uwe na mwisho. Ikipita nusu saa na joto bado linapanda, tahadhari ifunguke upya na ianze tena kwa wa kwanza, kwa sababu hata mtu mzima hubonyeza kisha akarudi kulala.

Mkaazi wa Wete: Sisi huku Pemba tulibadilishana zamu kwa ajili ya harusi, na mtu mmoja akawa wa kwanza na wa pili pia. Mfumo ulimpigia, ukasubiri, ukampigia yeye yule yule.

Mwenye uzi: Pole, ndugu yangu, ila kwetu majina yalikuwa mawili tofauti. Bi Mitambo, nimeangalia mipangilio sasa hivi: sehemu ya kubonyeza tarakimu ipo, na imezimwa.

Bi Mitambo: Nani aliizima?

Mwenye uzi: Kumbukumbu ya mabadiliko inaishia miezi mitatu nyuma, na sehemu hiyo ilikuwa imeshazimwa. Kesho naipeleka karatasi ya 8:11 kwa meneja, nataka barua yangu ifutwe.

Fundi wa Mwanakwerekwe: Na hasara ya pweza atalipa nani?